Barua pepe ya akaunti mpya: jinsi kesi ya utapeli wa mtandaoni inavyojengwa

Mhasibu anapokea barua pepe kutoka kwa mgavi ambaye ofisi imefanya naye kazi miaka mitatu. Barua inasema benki ya zamani iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo ankara hii ilipwe kwenye akaunti mpya iliyoandikwa chini. Lugha ni ya mgavi yuleyule, nembo ni ileile, na nambari ya ankara ni ya kweli kabisa. Mhasibu analipa. Siku kumi na mbili baadaye mgavi anapiga simu kuuliza mbona hajalipwa.

Kazi yangu ni kuchunguza vielelezo vya kielektroniki, na katika makosa yote ya mtandao hili ndilo ninaloliona likiharibika mapema kuliko mengine. Mara nyingi linaharibika ndani ya ofisi ya mlalamikaji mwenyewe, kabla mpelelezi hajafika. Mwongozo huu unafuata kesi moja ya aina hiyo tangu barua ilipofunguliwa hadi kizimbani. Kesi yenyewe nimeitunga, na anwani zilizomo ni za mfano tu, lakini kila hatua ni ile inayofanywa kweli.

Hatua ya 1: Tambua ni kosa gani, maana hapa yanaweza kuwa mawili

Sheria ya makosa ya mtandao huuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: kuna mtu aliyeingia kwenye kompyuta, akaunti au mfumo bila ruhusa, akijua hana ruhusa? Huo ndio udukuzi. La pili: kuna mtu aliyedanganya kwa kutumia kompyuta ili ajipatie mali isiyo yake? Huo ni utapeli. Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001, ambao nchi nyingi zimeufuata katika kutunga sheria zao, umeyatenganisha: kuingia bila haki kuko kifungu cha 2, ulaghai kwa kompyuta kuko kifungu cha 8. Katikati yake kuna kunasa mawasiliano ya watu, kuharibu data, kukwamisha mfumo, na kughushi data.

Utengano huu una historia. Mwaka 1988 Baraza la Malordi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini humo, liliwaacha huru Robert Schifreen na Stephen Gold. Vijana hao walikuwa wameingia kwenye Prestel, mfumo wa taarifa na barua kwa njia ya simu, kwa nywila zisizo zao na kufika hadi kwenye sanduku la barua la Mwanamfalme Philip. Walishtakiwa kwa kughushi, kwa sababu sheria ya kuingia tu haikuwepo, na majaji wakaona kuandika nywila ya mwingine si kutengeneza hati bandia. Sheria mahususi ikatungwa mwaka 1990. Tangu hapo, katika nchi zenye sheria ya aina hiyo, kuingia kwenyewe ni kosa hata kama hakuna kilichoibwa.

Neno zito katika udukuzi ni ruhusa. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ambaye nywila yake bado inafungua mfumo hana ruhusa, ana nywila tu. Ugumu huanza kwa mtu aliyeruhusiwa kuingia lakini akatumia alichokiona kwa jambo jingine. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Van Buren, ilisema askari aliyetafuta nambari ya gari kwenye mfumo wa polisi ili alipwe hakuvunja sheria ya udukuzi ya nchi hiyo, kwa kuwa mfumo ule aliruhusiwa kuufungua. Sheria za nchi nyingine zinaweza kumnasa mtu kama huyo. Ndiyo maana maneno ya kifungu husomwa kwanza, kisha ndipo hati ya mashtaka inaandikwa.

Kwa mhasibu wetu, swali ni kama tapeli alivunja sanduku la barua la mtu au alijifanya mgavi akiwa nje. Jibu limo ndani ya barua yenyewe, na tutaliona hatua ya 4.

Hatua ya 2: Saa za kwanza, zuia fedha na usisafishe chochote

Simu ya kwanza ni kwa benki iliyotuma fedha, kuomba malipo yasimamishwe au yarudishwe. Toa kiasi, saa ya muamala, nambari yake ya kumbukumbu na akaunti iliyopokea. Fedha zilizopelekwa asubuhi huweza kukutwa bado ziko hapo. Za siku kumi na mbili ni nadra kukutwa, lakini omba vilevile, kwa sababu ombi hilo linaacha kumbukumbu ndani ya benki zote mbili.

Wakati huohuo, fundi wa kompyuta wa ofisi atakuwa na hamu ya kusafisha. Mzuie kwa upole. Nimewahi kupokea jalada ambamo fundi, kwa nia njema kabisa, alikuta kanuni ngeni kwenye sanduku la barua la mhasibu akaifuta palepale. Kanuni hiyo ilikuwa inachukua kila barua yenye neno "ankara" na kuihamishia kwenye folda ya RSS, ambayo hakuna mtu anayeifungua. Kwa njia hiyo maulizo ya mgavi wa kweli hayakumfikia mhasibu. Kanuni ile ilikuwa alama ya wazi kuwa mtu aliingia, na baada ya kufutwa tulibaki na maneno ya fundi tu.

Kwa hiyo kagua kanuni za kuhamisha na kupeleka barua, zipige picha, pakua kumbukumbu za kuingia za akaunti hiyo, kisha ndipo ubadilishe nywila na kufunga vikao vilivyo wazi. Kubadilisha nywila hakungoji kesho. Kunangoja dakika kumi za kuandika kilichoonekana. Na usimjibu tapeli kumwambia umemgundua.

Hatua ya 3: Hifadhi barua yenyewe, siyo picha yake

Walalamikaji wengi huleta picha ya skrini iliyochapishwa. Picha ina faida yake, lakini inaonyesha tu jina la mtumaji lilivyojitokeza, na jina hilo mtu yeyote huweza kuliandika anavyotaka. Kinachohitajika ni barua asili pamoja na taarifa zake za safari. Kwenye Gmail fungua barua, bonyeza nukta tatu, chagua `Show original`, kisha pakua faili linaloishia na `.eml`. Usiisambaze kwa wenzako kwa kuiforwadi, maana nakala iliyoforwadiwa inabeba safari mpya na ile ya kwanza inapotea.

Ukishapata faili, lipigie hashi. Hii ni hesabu inayofanywa juu ya kila kilichomo kwenye faili na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukiongeza hata nafasi moja tupu ndani ya barua, mfuatano wote unabadilika. Kwenye Windows amri ni hii:

```
certutil -hashfile barua.eml SHA256
```

Kwenye Linux:

```
sha256sum barua.eml
```

Andika matokeo kwenye daftari kwa mkono au kwenye fomu ya makabidhiano: tarehe, saa, jina la aliyepakua, kompyuta iliyotumika, na mfuatano wenyewe. Kuanzia hapo kila anayepokea faili anasaini. Wakili wa utetezi akiuliza kama barua ilirekebishwa njiani, hesabu inarudiwa mbele ya mahakama na matokeo yanalinganishwa na yale ya siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Soma safari ya barua

Fungua faili lile kwa programu ya kawaida ya maandishi. Juu utakuta mistari kama hii:

```
Received: from mail.example.net ([203.0.113.45])
  by mx.ofisi.example; Tue, 4 Mar 2025 09:12:07 +0200
Authentication-Results: mx.ofisi.example;
  spf=pass dkim=pass header.d=rngavi.example
From: "Idara ya Malipo" <malipo@rngavi.example>
Reply-To: malipo@rngavi.example
```

Tazama anwani ya mtumaji polepole. Mgavi wa kweli anatumia `mgavi.example`. Hapa zimeandikwa herufi r na n zikiwa zimegusana, na kwenye skrini ya simu zinasomeka kama m. Maneno `spf=pass` na `dkim=pass` huwapumbaza watu wakadhani barua imethibitishwa kuwa ya mgavi. Kilichothibitishwa ni kwamba imetoka kwa mwenye `rngavi.example`, na mwenye jina hilo ni tapeli aliyelisajili. Hii peke yake ni utapeli na kughushi. Haionyeshi kwamba kuna mtu aliyevunja sanduku la mgavi.

Kama mstari ungesema `header.d=mgavi.example`, jina la kweli, na bado ukapita, basi barua ilitoka ndani ya mfumo wa mgavi, na hapo udukuzi upande wake unaingia kwenye mashtaka. Katika kesi yetu kuna jambo linalosumbua: tapeli alijuaje nambari ya ankara? Kuna mtu aliyekuwa anasoma barua za upande mmoja. Kanuni kama ile ya folda ya RSS, ambayo tuseme imekutwa pia kwenye sanduku la mhasibu wetu, inajibu. Tapeli aliingia kwenye sanduku la mhasibu, akasoma, kisha akaandika kutoka nje kwa jina linalofanana. Makosa yote mawili yapo, kila moja na ushahidi wake.

Mistari ya `Received` husomwa kutoka juu. Wa juu kabisa umewekwa na seva yako mwenyewe, kwa hiyo unaaminika. Inayofuata chini, kadiri unavyoelekea kwa mtumaji, ndivyo inavyoweza kuwa imetungwa. Na mara nyingi anwani ya IP utakayoikuta, yaani ile nambari iliyo kwenye mabano ya mraba, ni ya seva ya kampuni ya barua pepe, siyo ya kompyuta ya tapeli. Usimshtaki mwenye anwani hiyo. Yeye ndiye wa kuombwa kumbukumbu.

Hatua ya 5: Kukimbizana na kufutika kwa kumbukumbu

Hii ni kazi ya mpelelezi, lakini mlalamikaji anapaswa kuielewa ili asichelewe kumpa alichonacho. Kampuni za barua pepe, usajili wa majina na simu huhifadhi kumbukumbu za kuingia kwa muda wao, kisha hufuta. Kupata amri ya mahakama huchukua siku au wiki, na kampuni ikiwa nchi nyingine huchukua miezi. Kwa hiyo kinachotangulia ni ombi la kuhifadhi. Kampuni haitoi data yoyote, inaigandisha tu isifutwe. Chini ya Mkataba wa Budapest ugandishaji huo unaweza kuamriwa kwa hadi siku 90 na kuongezwa tena, na nchi wanachama zina ofisi zinazopokea maombi ya dharura saa 24, siku saba za wiki. Data yenyewe hutolewa baadaye, kwa amri au kwa msaada wa kisheria kati ya nchi.

Ombi zuri ni fupi na lenye uhakika: akaunti ipi, tangu lini hadi lini, na saa za ukanda upi. Hapo kwenye saa ndipo kesi nyingi huharibikia. Barua yetu iliingia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi kwa saa za ofisi, yaani 09:12:07 +0200. Kampuni nyingi huandika kumbukumbu zake kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa, na huko ni 07:12:07. Mpelelezi akiandika "09:12" bila ukanda, atapewa aliyekuwa anatumia anwani ile saa mbili baadaye, na huyo huenda ni mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 6: Kutoka kwenye anwani hadi kwa mtu

Tuseme kampuni ya barua pepe imejibu. Akaunti ya `malipo` ilifunguliwa na mtumiaji aliyeingia tarehe 4 Machi 2025, saa 07:08:51 UTC, kutoka 198.51.100.77. Anwani hiyo ni ya kampuni ya simu. Wengi hudhani hapa kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kampuni za simu huwaweka mamia ya wateja nyuma ya anwani moja ya IP kwa wakati mmoja, na kinachowatofautisha ni nambari ya pòti ya kila muunganisho. Kama kampuni ya barua pepe haikurekodi pòti, kampuni ya simu inaweza kujibu kwa orodha ndefu ya wateja, na orodha haiwezi kupandishwa kizimbani. Ndiyo maana ombi la hatua ya 5 liombe pòti kwa jina.

Hapa tuna bahati, pòti ipo: 51834. Kampuni ya simu inaitoa laini moja, iliyosajiliwa kwa jina la bibi mmoja mzee. Mpelelezi mwenye haraka angemkamata. Mwenye subira anauliza swali jingine: laini hii iliwekwa kwenye simu gani? Kila simu ina nambari ya IMEI yenye tarakimu 15, na mtandao huiona kila inapounganishwa. Jibu linarudi kwamba laini ya bibi iliishi kwenye simu moja tu, na simu hiyohiyo, wiki mbili kabla, ilibeba laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina la kijana fulani. Bibi alichukuliwa kitambulisho chake na mtu aliyejidai kumsaidia. Kijana sasa ni mshukiwa. Bado si mwenye hatia, kwa sababu simu huuzwa, huazimwa na huibwa.

Tapeli akitumia VPN, huduma inayoficha anwani ya kweli ya mtumiaji, anwani itaishia kwa mtoa huduma hiyo, na huenda hana kumbukumbu zozote. Mara nyingi njia haifungiki kabisa, kwa sababu watu husahau kuiwasha hata mara moja. Mpelelezi huomba kumbukumbu zote za kuingia, tangu siku akaunti ilipofunguliwa, na hasa ile ya kwanza.

Hatua ya 7: Fuata fedha kwa njia yake

Barua na fedha huchunguzwa sambamba, kisha huangaliwa zinapokutana. Benki iliyopokea ina fomu ya kufungua akaunti, nakala ya kitambulisho, nambari ya simu iliyoandikwa, kumbukumbu za kuingia kwenye huduma ya mtandaoni, na picha za kamera za mashine ya kutolea fedha. Picha hizo hufutwa mapema sana, kwa hiyo ziombwe siku ileile.

Evaldas Rimasauskas wa Lithuania anaonyesha uzito wa karatasi za benki. Alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina sawa na la mtengenezaji wa vifaa aliyekuwa akifanya biashara na Google na Facebook, akazitumia ankara, nazo zikalipa zaidi ya dola milioni 120. Ili fedha hizo zionekane halali, aliyapelekea mabenki mikataba na barua zenye sahihi na mihuri bandia. Karatasi hizo zikatajwa katika mashtaka dhidi yake. Alikiri ulaghai mwaka 2019 na Desemba mwaka huo akahukumiwa miaka mitano jela.

Hatua ya 8: Kukamata kifaa bila kukiharibu

Simu ya kijana inachukuliwa kwa hati ya upekuzi inayotaja vifaa na aina ya data inayotafutwa. Ikiwa imewaka, inatengwa na mtandao mara moja, kwa mfuko unaozuia mawimbi au kwa kuzima mawasiliano, ili mtu asiifute akiwa mbali. Kompyuta iliyowaka haizimwi kiholela, kwa sababu funguo za kufungulia diski zinaweza kuwa kwenye kumbukumbu yake ya muda, na zikipotea diski hubaki imefungwa. Maabara hutengeneza nakala kamili ya diski kupitia kifaa kinachozuia kuandika, hupiga hashi ya asili na ya nakala, na uchunguzi wote hufanywa kwenye nakala. Askari aliyeifungua simu njiani "kuangalia tu" amebadilisha saa za mafaili, na nimeona siku nzima ya ushahidi ikiishia kwenye maswali juu ya dakika hizo chache.

Hatua ya 9: Thibitisha alijua

Mwenye akaunti iliyopokea fedha kwa kawaida husema hivi: niliombwa akaunti yangu nikaitoa, niliambiwa nibaki na sehemu ya kumi, sikujua fedha zimetoka wapi. Wakati mwingine ni kweli. Kosa linahitaji kujua au kukusudia, na hilo halionekani kwenye IMEI. Linatafutwa kwenye mwenendo. Katika kesi yetu akaunti ilifunguliwa siku kumi na moja kabla ya barua, haikuwa na muamala mwingine, na fedha zilitolewa zote ndani ya saa moja. Kwenye nakala ya simu ya kijana kulikuwa na ujumbe kwa mwenye akaunti, uliotumwa dakika ishirini baada ya malipo kuingia: "Zimeingia. Toa zote kabla hawajashtuka." Jibu lilikuwa: "Kama ya mara ile?"

Baada ya hapo mwendesha mashtaka anarudi kwa mhasibu, kwa sababu ndiye shahidi wa kwanza. Ataulizwa nani alipakua faili, lini, kwa kompyuta ipi, na nani mwingine alikuwa na nywila ya sanduku lile. Akisema "sikumbuki, ila nina picha ya skrini", utetezi utaanzia hapo. Akiwa na daftari lenye saa, sahihi na ule mfuatano wa herufi 64, karani atafungua faili mbele ya hakimu, atairudia hesabu, na maswali yatahamia kwa kijana na simu yake.